Saa Moja ya Tuisheni Ina Saa Ngapi?

Mzazi wa Masaki anayemlipa mwalimu wa nyumbani shilingi 25,000 kwa saa anaamini kwamba analipa vizuri, na ana haki ya kuamini hivyo. Mwalimu naye, wenzake wakimuuliza anachukua kiasi gani, hutaja hiyohiyo 25,000, nao wakamwonea wivu. Wote wanaongelea saa moja tu, ile ambayo mtoto ameketi mezani na daftari liko wazi. Saa hiyo imelipiwa. Zilizobaki, zile zilizomfikisha mwalimu mezani akiwa na maswali tayari mkononi na kumrudisha kwake usiku, hazikuandikwa mahali popote.

Mama ntilie hawezi kudanganywa na hesabu ya namna hii. Anajua mauzo ya siku si faida, kwa sababu mkaa, mchele na mafuta vilitoka mfukoni mwake asubuhi. Mwalimu wa tuisheni gharama yake kubwa si mchele bali ni muda, na muda hauachi risiti. Ndiyo maana nimekutana na walimu wenye akili sana ya hesabu, wanaofundisha milinganyo kwa ustadi, ambao hawajawahi kupiga hesabu ya malipo yao wenyewe kwa saa.

Tuipige hapa, kwa mwalimu mmoja wa mfano. Bei nitakazotumia ni za mfano pia. Kila msomaji anaweza kuziondoa na kuweka za kwake, kwa kuwa bei hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na somo hadi somo, lakini njia ya kukokotoa ni ileile.

Mwalimu wetu anaishi Kimara, Dar es Salaam, na anafundisha hesabu. Ana mwanafunzi Masaki anayesoma shule ya kimataifa na kujiandaa na mtihani wa IGCSE wa Kembriji. Wamekubaliana vipindi viwili kwa wiki, saa moja kila kipindi, 25,000 kwa saa. Kipindi kinaanza saa 11 jioni. Ili asichelewe, anatoka nyumbani saa 9:30 alasiri, anapanda mwendokasi hadi Morocco, kisha bodaboda hadi getini. Anafika saa 10:45. Mlinzi anapiga simu ndani, mtoto anamalizia kula, meza inaondolewa vyombo, na saa 11 wanaanza. Saa 12 wanamaliza, naye anaingia kwake saa 1:15 usiku. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme 8,000, sehemu kubwa yake ikiwa ya boda.

Kabla ya hapo, usiku uliopita, alikaa saa nzima akiandaa. Alisahihisha kazi aliyompa mtoto mara ya mwisho, akatafuta maswali ya mada inayofuata kwenye mitihani ya miaka iliyopita, akayafanya mwenyewe ili asikwame mbele ya mwanafunzi, akamtumia mama ujumbe mfupi kuhusu maendeleo.

Hesabu ya kipindi kimoja kilichokwenda vizuri ni hii. Mkononi zinabaki 17,000 baada ya kutoa nauli. Muda ni saa moja ya kufundisha, saa mbili na nusu za njiani, robo saa ya kusubiri na saa moja ya maandalizi, jumla saa nne na dakika 45. Ukigawanya, kila saa imelipa takriban 3,580. Hiyo ndiyo siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Sasa tuchukue mwezi mzima, kwa sababu hakuna mwezi ambao kila kitu huenda sawa. Mwezi una vipindi nane. Kimoja mama anakiahirisha jioni ya siku iliyotangulia, kwa kuwa wana mgeni. Kingine mwalimu anafika getini na mlinzi anamwambia, "Ticha, wametoka na mama yao, hawakukwambia?" Vimebaki sita. Mwalimu analipwa kwa vipindi alivyofundisha, kwa hiyo anapokea 150,000. Nauli imetoka mara saba, kwa sababu ile safari ya kufika getini na kugeuza ililipiwa kama nyingine, nayo ni 56,000. Kuna 4,000 nyingine za stesheneri, alikochapisha maswali, na za bando. Zinabaki 90,000.

Upande wa muda, alifundisha saa 6. Safari saba zimekula saa 17 na nusu, na kusubiri mara saba kumekula saa moja na dakika 45. Maandalizi ni saa 6 tu, maana kazi aliyoiandaa kwa kipindi kilichoahirishwa aliitumia kilichofuata. Jumla saa 31 na robo. Gawanya 90,000 kwa hizo, unapata shilingi 2,880 kwa saa.

Kutoka 25,000 hadi 2,880. Namba hii ikisikika ya ajabu, iangalie polepole uone pengo linatoka wapi. Mafuta ya gari la mtu mwingine na saa za barabarani ndizo zilizobeba karibu yote. Katika saa 31 za mwezi, zaidi ya nusu alikuwa njiani.

Mwalimu huyohuyo ana mwanafunzi mwingine hapohapo Kimara, mtoto wa jirani aliye kidato cha nne. Huyu analipa 10,000 kwa saa, na kwa sababu hiyo mwalimu humwona kama wa kumsaidia tu, wa kujaza jioni zilizobaki. Wanakaa saa mbili kila kipindi, mara mbili kwa wiki. Kwenda na kurudi kwa miguu ni dakika 20. Maandalizi ni saa moja, ingawa kipindi ni kirefu, kwa kuwa mwalimu amefundisha silabasi ya Baraza la Mitihani miaka mingi na maswali anayo.

Mpe naye bahati mbaya ileile, kipindi kimoja kimeahirishwa mapema na kingine kimevunjika mlangoni. Anapokea 120,000 kwa vipindi sita, anatoa 4,000 za stesheneri, zinabaki 116,000. Muda ni saa 12 za kufundisha, saa 6 za maandalizi na saa mbili na dakika 20 za kutembea. Kila saa imelipa takriban 5,700.

Mtoto wa jirani, anayelipa chini ya nusu ya bei ya Masaki, anamlipa mwalimu karibu mara mbili. Ili Masaki ilingane naye bila kubadilisha kitu kingine chochote, bei ya saa moja ingebidi ifike karibu 40,000. Mwalimu huyu akibanwa na muda akataka kupunguza mwanafunzi mmoja, nina hakika angemwacha wa Kimara, na angekuwa amekata tawi lenye matunda.

Kwa nini ndani ya saa hizo kuna tofauti kubwa kiasi hicho? Kwa sababu muda wa njiani haujali kipindi kina urefu gani. Ni uleule ukienda kufundisha dakika 60 au 120. Saa moja ya kufundisha ikibebeshwa safari ya saa mbili na nusu inazama, na saa mbili zikigawana safari hiyohiyo kila moja inabeba nusu. Nauli nayo ina tabia hiyohiyo. Hapa ndipo penye dawa ya kwanza, ambayo haimgharimu mzazi hata senti.

Badala ya kwenda Masaki mara mbili kwa wiki saa moja moja, aende mara moja, Jumamosi au siku yoyote, wakae saa mbili. Mzazi analipa 50,000 kwa wiki, zilezile. Mwezi unakuwa na safari nne. Tuseme moja inavunjika getini, yaani robo ya vipindi inapotea kama mwanzo. Mwalimu anapokea 150,000 zilezile, lakini nauli imeshuka hadi 32,000, na baada ya stesheneri zinabaki 114,000. Muda ni saa 6 za kufundisha, 10 za njiani, moja ya kusubiri, na nne na nusu za maandalizi, nikiwa nimempa saa moja na nusu kwa kila kipindi kirefu. Jumla saa 21 na nusu. Malipo yamepanda hadi takriban 5,300 kwa saa. Bei haikuguswa.

Dawa hii ina mpaka wake, na mwalimu mwaminifu hawezi kuufumba macho. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kukaa saa mbili juu ya hesabu. Baada ya dakika 40 mwalimu atakuwa anafundisha ukuta, na mtoto huyo anahitaji kukutana na somo mara nyingi kwa muda mfupi. Kwa kijana wa kidato cha nne ni kinyume. Mtihani wake wa hesabu ni wa saa tatu, na asipozoea kukaa muda mrefu na karatasi moja ya maswali, atachoka katikati ya chumba cha mtihani. Kwa hiyo saa mbili kwake ni mafunzo yenyewe. Ukiwa na mtoto mdogo mtaa wa mbali, njia iliyobaki ni kumtafutia mwenzake mtaani hapohapo, siku hiyohiyo, ili safari moja ibebe vipindi viwili. Wakiwa darasa moja na silabasi moja, maandalizi nayo yanakuwa ya pamoja, na mmoja akivunja kipindi getini, safari haijaenda bure.

Maandalizi yenyewe yanahitaji kuangaliwa kwa makini, maana hapa walimu hujidanganya kwa pande zote mbili. Wapo wasioyahesabu kabisa, na wapo wanaodhani kila saa ya kufundisha ina saa yake ya kuandaa milele. Maandalizi hufuata idadi ya silabasi tofauti ulizonazo, hayafuati idadi ya wanafunzi. Mwalimu mwenye wanafunzi watano wa kidato cha nne anaandaa mada moja na kuitumia mara tano, kisha anabakiza kusahihisha tu. Mwenye watano, mmoja darasa la saba, mmoja kidato cha pili, mmoja IGCSE, mmoja kidato cha sita na mmoja anayetaka fizikia badala ya hesabu, anaanza upya kila usiku. Kwa nje wawili hawa wanafanana, wana vipindi sawa na bei sawa, lakini wa pili analala saa sita usiku.

Mwaka wa kwanza wa silabasi mpya ndio unaokula zaidi. Mwalimu wetu alipochukua mtoto wa Masaki hakuwa na faili la maswali ya Kembriji, na lugha ya maswali yale ilikuwa ngeni kwake. Mwaka wa pili akipata mwanafunzi mwingine wa mtihani huohuo, saa moja ya maandalizi inaweza kushuka hadi dakika 20 au 30. Hiyo ni sababu halali ya kuchukua mwanafunzi anayelipa kidogo kwa saa halisi, mradi mwalimu anajua kwamba ndicho anachokifanya, na anahifadhi kila alichoandaa kikiwa na mada na tarehe.

Nimechelewesha suala la vipindi vinavyovunjwa kwa makusudi, kwa sababu ndilo walimu wanalolilalamikia kuliko yote, na hesabu inaonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kuna kuvunja kwa aina mbili, na hazifanani hata kidogo. Mama anayesema jana yake kwamba kesho hapana, amemnyima mwalimu mapato, lakini amemrudishia muda na nauli. Jioni ile mwalimu anaweza kumhamishia jirani au kupumzika. Malipo yake kwa saa hayashuki sana, kinachopungua ni jumla ya mwezi. Yule anayesema saa 10:30, mwalimu akiwa Magomeni ndani ya mwendokasi, amemnyima mapato na amebaki na muda wake na nauli yake. Hapo ndipo malipo kwa saa huanguka. Kwa hiyo mwalimu anayeandika "vilivunjika viwili" kwenye daftari hajaandika kitu. Inabidi aandike taarifa ilifika saa ngapi.

Basi mwalimu adai alipwe kipindi kilichovunjwa getini? Adai, ni haki yake. Lakini turudi kwenye mwezi ule wa vipindi nane Masaki. Akilipwa nusu ya kile kimoja, 12,500, malipo yake yanapanda kutoka 2,880 hadi 3,280. Akilipwa chote, yanafika 3,680. Ni nyongeza nzuri, ila linganisha na 5,300 alizozipata kwa kuunganisha vipindi tu. Kwa mwalimu wa mbali, safari inamla kuliko wazazi wanaosahau kutoa taarifa. Kwa yule wa karibu, anayetembea dakika kumi, ni kinyume, maana kwake safari ni ndogo na kipindi kilichovunjika ndicho hasara yenyewe.

Malipo ya mwezi mzima yanayotolewa mwanzoni nayo yana mtego wake. Mzazi anatoa 200,000 tarehe mosi, mwalimu anafurahi, na wanakubaliana kwamba kipindi kikivunjika kitafidiwa. Mwisho wa mwezi mwalimu amefundisha vipindi vyote nane, lakini amekwenda Masaki mara tisa, ikiwemo ile ya getini. Ukipiga hesabu, amepata takriban 3,040 kwa saa, juu kidogo tu ya mwanzo. Fedha kuingia mapema kunasaidia kodi ya nyumba, hilo silipingi. Malipo kwa saa hayakupona, kwa kuwa kufidia ni kufanya safari ile tena bila malipo mapya. Ingekuwa haki zaidi kufidia kile kilichoahirishwa mapema na kutofidia kilichovunjika mwalimu akiwa tayari njiani.

Na muda wa mwisho wa kutoa taarifa uwekwe kwa kuangalia saa ambayo mwalimu anatoka nyumbani. Wengine huweka sharti la siku nzima kabla, mzazi analikubali kwa mdomo na kulivunja wiki ya pili, kwa sababu homa ya mtoto haitoi taarifa ya siku nzima. Mwalimu wetu anatoka saa 9:30. Akisema, "Mama, ukiniambia kabla ya saa 8 mchana hakuna neno, baada ya hapo nitakuwa nimeshajiandaa kutoka, tuhesabu kama nimefika," mzazi anaelewa sababu na anakubali bila kuona anatozwa faini. Ujumbe wa mwalimu saa 7 mchana, "Shikamoo mama, leo tupo?" huokoa safari nyingi kuliko sharti lolote lililoandikwa.

Masomo kwa njia ya simu au kompyuta hubadilisha hesabu yote kwa kufuta barabara. Hata mzazi akitaka bei ishuke hadi 15,000, mwalimu akitoa 1,000 ya bando na kufanya kazi saa mbili, moja ya kufundisha na moja ya kuandaa, anabaki na 7,000 kwa saa. Hata hivyo hesabu hufundishwa kwa kuona mkono wa mtoto unaandika nini na unakwama mstari gani, na hilo kwenye kioo kidogo cha simu ni gumu. Umeme na mtandao navyo vina maamuzi yao. Kwa kijana mkubwa anayejituma, kipindi kimoja cha ana kwa ana na kingine cha simu kinafaa. Kwa mtoto mdogo sijaona kikizaa matunda.

Kuna jambo moja walimu hulichanganya na haya, nalo ni miezi mikavu. Shule za kimataifa hufunga karibu Julai na Agosti zote na familia husafiri. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na baada yake mwanafunzi ameondoka. Shule nyingi hufunga Juni na Desemba, isipokuwa kwamba watoto wa bweni hurudi nyumbani wakati huo na kutafuta mwalimu. Mwezi mkavu haushushi malipo kwa saa, kwa sababu saa zenyewe hukuzitoa. Unashusha kipato cha mwaka, na huo ni ugonjwa mwingine wenye tiba nyingine, ambayo ni kuchanganya wanafunzi ambao likizo zao hazigongani. Kuongeza bei kwa sababu ya mwezi mkavu ni kumtoza mzazi wa Machi deni la Agosti, na mzazi huyo ataondoka.

Anayetaka kujua lake halisi ahitaji daftari na wiki nne. Kwa kila mwanafunzi aandike saa aliyotoka mlangoni kwake, saa kipindi kilipoanza na kuisha, saa aliyorudi, nauli, dakika za kuandaa na kusahihisha, na fedha iliyoingia. Aandike siku hiyohiyo. Kumbukumbu ya foleni hufifia haraka, na ukikaa mwisho wa mwezi kukadiria, utaandika saa moja mahali palipokuwa na moja na nusu. Asihesabu muda mara mbili, kwa mfano kama alisahihisha akiwa ameketi ndani ya basi. Na kama mchana anafundisha shule ya Oysterbay, ambako angekuwepo kwa vyovyote, safari ya kutoka kwake hadi huko isiwekwe kwenye tuisheni. Ihesabiwe ile ya ziada tu, kutoka shuleni hadi Masaki na tofauti ya kurudi usiku. Kwa mwalimu wa namna hiyo, mtoto wa Masaki anaweza kuwa ndiye bora kuliko wote alionao.

Daftari likijaa, mzazi mpya akipiga simu na kuuliza, "Ticha, kwa saa unachukua kiasi gani?" mwalimu ana maswali ya kumrudishia kabla hajataja bei: mnakaa wapi, mtoto yuko darasa gani na silabasi gani, kipindi kitaanza saa ngapi, na kuna mtoto wa jirani anayehitaji pia?